Jinsi ya kusoma majibu ya BCR-ABL1 katika leukemia sugu ya mieloidi

Hatua ya 1: Tazama slaidi ya damu. Utaona granulosaiti, aina ya seli nyeupe za damu, za kila rika, kuanzia changa hadi zilizokomaa, na zile ziitwazo basofili zimeongezeka. Seli hizi bado zinajua kukomaa. Kilichoharibika ni udhibiti wa kuzaliana kwao.

Hatua ya 2: Fahamu kinachozisukuma. Kromosomu ya 9 na ya 22 zinapobadilishana vipande, jeni ya ABL1 huungana na BCR. ABL1 ya kawaida ni kinasi, yaani kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye protini nyingine, na ncha yake ya mbele huizuia isifanye kazi ovyo. Muungano huo huharibu kizuizi hicho, na kipande cha BCR huzikusanya molekuli pamoja hadi zikabandikana fosfati zenyewe kwa zenyewe. Kwa hiyo ujumbe wa kuzaliana hutumwa bila kukoma kupitia njia kama RAS na STAT5, na seli za uboho hugawanyika hata pasipo vichochezi vya ukuaji, wala hazifi kwa wakati wake.

Hatua ya 3: Pima kwa PCR, kipimo kinachozidisha nakala za jeni ili zihesabike. Hapa ndipo muda mwingi hupotea. Kabla ya dawa, tambua aina ya nakala ya jeni. Wagonjwa wengi wana e13a2 au e14a2, lakini wachache wana aina nyingine ambazo kipimo cha kawaida cha kiasi hakizioni, na mgonjwa wa namna hiyo ataandikiwa "haikuonekana" ilhali ugonjwa umejaa.

Damu ichukuliwe kwenye chupa ya EDTA, si ya heparini, kwa kuwa heparini huzuia PCR. Nayo ifike maabara mapema, kwa sababu RNA, yaani nakala za jeni zinazopimwa, huoza. Kisha usisome asilimia kabla ya kuona idadi ya nakala za jeni ya ulinganisho. Tuseme BCR-ABL1 ni nakala 60, jeni ya ulinganisho ABL1 ni nakala 30,000, na kigezo cha maabara cha kulipeleka jibu kwenye skeli ya kimataifa ni 0.8:

```
60 / 30000 x 100 x 0.8 = 0.16%
```

Jibu hilo linaaminika. Lakini ABL1 ikiwa nakala 900 tu, "haikuonekana" haina maana yoyote, na sampuli irudiwe. Mimi hudai angalau 10,000. Napendelea pia mgonjwa apimwe katika maabara ileile kila mara, kwani tofauti ndogo kati ya maabara mbili hufanana sana na ugonjwa unaorudi.

Hatua ya 4: Linganisha na muda wa matibabu. Imatinibu, dawa ya ugonjwa huu, hukaa kwenye mfuko wa kinasi ambamo ATP, molekuli inayotoa fosfati, ingeingia, hivyo kinasi hukosa fosfati ya kubandika. Tunatarajia 10% au chini yake katika miezi 3, 1% katika miezi 6 na 0.1% katika miezi 12. Mgonjwa wetu wa 0.16%, akiwa katika mwezi wa 12, amekaribia lengo bila kulifikia. Apimwe tena badala ya kubadilishiwa dawa papo hapo.

Kiwango kikipanda, uliza kwanza kwa upole kuhusu dozi zilizorukwa. Ikiwa anameza ipasavyo, omba uchunguzi wa mabadiliko ya kinasi: badiliko liitwalo T315I huizuia imatinibu kukaa mahali pake, na hapo ponatinibu au askiminibu ndizo zinazofaa.