Somo: Keloidi ya sikio, na kwa nini ngozi nyeusi huipata zaidi

Hapa Lamu mtoto wa kike hutogwa masikio akiwa mchanga, na mara nyingi matundu hayo hupona vizuri. Keloidi, yaani kovu linaloota na kukua kupita mpaka wa kidonda, mara nyingi naiona ikianzia kwenye tundu la pili au la tatu, lile ambalo msichana huongezewa ukubwani. Tuchukue kisa kimoja tukifuate hatua kwa hatua.

Msichana wa miaka 17, mkaazi wa Langoni, alitogwa ukingo wa juu wa sikio akiwa na miaka 15. Tundu lilipona. Miezi michache baadaye likaanza kuwasha, kisha uvimbe mgumu ukaota nyuma ya sikio na kuendelea kukua. Matundu yake ya utotoni hayana kitu.

Hatua ya 1: Tazama mpaka wa kidonda. Kovu nene la kawaida hubaki pale palipokatwa, na aghalabu hunywea lenyewe kadiri muda unavyopita. Keloidi huvuka mpaka na kuingia kwenye ngozi ya pembeni ambayo haikuguswa. Ya msichana huyu imetoka kwenye kitundu cha sindano ikawa kubwa kuliko punje ya mbaazi, kwa hiyo ni keloidi. Kinachotokea ndani ni kwamba chembe zinazotengeneza kolajeni, yaani nyuzi za kuziba kidonda, hazipati amri ya kuacha. Uvimbe wa ndani kwa ndani unaendelea kuzichochea, nazo zinaendelea kutoa nyuzi hata kidonda kikishafunga.

Hatua ya 2: Uliza ukoo. Mama yake ana keloidi kifuani iliyoanzia kwenye kovu la tetekuwanga. Hapa ndipo penye uzito. Keloidi hurithiwa katika familia, ingawa si kila aliyerithi huipata. Ngozi za rangi zote zinaweza kuota keloidi, ila watu wenye asili ya Afrika huongoza, na watu wa Asia nao huipata kuliko Wazungu. Mwaka 2010 watafiti wa Japani walionyesha sehemu kadhaa za kromosomu zinazohusiana nayo, mojawapo ikiwa na jeni NEDD4. Lakini hakuna jeni moja lililothibitishwa kueleza keloidi zote.

Hatua ya 3: Uliza umri na mahali. Keloidi nyingi huanza kati ya miaka 10 na 30, na baadhi hukua zaidi wakati wa ujauzito, jambo linalofanya homoni zishukiwe. Uchunguzi mdogo uliochapishwa mwaka 2005 uliona kwamba waliotogwa wakiwa na miaka 11 au zaidi walipata keloidi kuliko waliotogwa mapema. Hilo linalingana na masikio ya msichana wetu. Kifua, mabega na taya huathirika sana, na kwa kifua na mabega mvuto wa ngozi unadhaniwa kuchangia. Ndewe haivutwi hivyo, na bado huota keloidi, kwa hiyo mvuto peke yake hautoshi kuwa sababu.

Maswali ya wanachama

*Swali (Mkomani): Dada, si ni ule weusi wenyewe ndio unaosababisha?*

Wataalamu wengi walidhani hivyo, kwa sababu keloidi ni adimu viganjani na kwenye nyayo, mahali ambapo rangi ni hafifu. Lakini utafiti wa Tanzania uliochapishwa mwaka 2015 ulilinganisha Waafrika wenye ualbino na wasio na ualbino. Makundi yote mawili yalikuwa na keloidi kwa kiasi kinachokaribiana, takriban watu 8 katika kila 100. Mwenye ualbino hana weusi huo, ila ana nasaba ileile. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mzito kuliko wote: rangi inatuonyesha asili ya mtu, na hatari imo katika urithi.

*Swali (Malindi): Shangazi yangu anasema ni damu chafu. Nimpe nini mwanangu anywe?*

Usimpe kitu, mama. Keloidi haitokani na uchafu wa damu, na wala haiambukizi. Kidonda kilichoingia vijidudu kinaweza kuichochea kwa mtu aliyerithi, kwa hiyo usafi wa sindano na wa tundu una maana. Lakini hata tundu lililotogwa kwa usafi kabisa linaweza kuota keloidi.

*Swali (Shela): Binti yangu anayo sikioni. Nikamkatishe?*

Ikikatwa tu bila tiba nyingine, mara nyingi hurudi, na huweza kurudi kubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu kisu nacho ni kidonda kipya kwenye ngozi ileile. Kwa kawaida huanzwa na sindano za triamsinoloni, dawa ya aina ya steroidi, ndani ya uvimbe, kila wiki 4 hadi 6, hadi unapolainika na kunywea. Dawa hiyo inaweza kuacha doa jeupe kwa muda au kuifanya ngozi iwe nyembamba, kwa hiyo mweleze binti mapema asishtuke. Ikibidi kukatwa, muulize daktari kabla ya siku ya upasuaji ni tiba gani itafuata: sindano hizo, hereni ya kubana, au mionzi. Na nduguze wa kike ambao hawajaongeza matundu, wasiongeze.