Hesabu usiku, si siku

Ukipanga safari ya wiki mbili, hesabu usiku wa kulala. Siku 14 zina usiku 13, na kila kituo kipe angalau usiku mitatu. Ukilala usiku miwili unabaki na siku moja tu kamili, kwa sababu siku ya kufika na ya kuondoka zinaliwa na mabegi, stendi na kutafuta chumba. Kwa hiyo vituo visizidi vinne.

Mfano: Dar usiku mmoja wa kupumzika tu, usioihesabu kama kituo, Lushoto mitatu, Arusha minne, Unguja mitano. Moshi usiifanye kituo. Iko kama kilomita 80 kutoka Arusha, unakwenda asubuhi na kurudi jioni bila kufungasha. Arusha hadi Unguja panda ndege ukiweza, maana basi hadi Dar linamaliza siku, na boti utaipata kesho yake, yaani usiku mmoja umekatwa Unguja.

Kanuni hii haifai pale mwendo wenyewe ndio unaoufuata, kama kupanda Kilimanjaro au kusafiri na treni ya Tazara hadi Zambia. Huko kulala mahali papya kila siku ni sawa kabisa.