Hewa inafika, damu haifiki: namna ya kukadiria nafasi mfu bonge la damu linapoziba mapafu

Nafanya kazi ya usingizi katika chumba cha upasuaji. Mwongozo huu ni wa wenzangu wanaoanza kukaa peke yao mbele ya mashine, hasa wanaoona EtCO2 ikishuka ghafla na jambo la kwanza wanalofanya ni kupunguza pumzi za mashine. Kabla hujagusa kitufe chochote, fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Igawe pumzi moja

Chukua mtu mzima anayepewa mililita 500 kwa kila pumzi, mara 12 kwa dakika. Karibu mililita 150 huishia kwenye koo na njia za hewa, mahali ambapo hakuna ubadilishanaji wa gesi. Hiyo ni nafasi mfu ya kimaumbile, kila mmoja wetu anayo. Mililita 350 zilizobaki ndizo zinazofika kwenye vifuko vya hewa. Zidisha kwa 12, unapata lita 4.2 kwa dakika, na hizo ndizo zinazoondoa kabonidayoksaidi mwilini.

Sasa bonge la damu litoke kwenye mshipa wa mguu au wa nyonga, lipite upande wa kulia wa moyo, likwame kwenye ateri ya mapafu. Vifuko vilivyo mbele yake havijaharibika. Vinajaa hewa na kujitoa kama kawaida, ila damu ya kuvishushia mzigo haifiki. Ni sawa na daladala inayozunguka njia nzima bila abiria: mafuta yanaungua, safari zinahesabika, hakuna aliyefika popote. Vifuko hivyo vimekuwa nafasi mfu ya pili, na hii si ya maumbile.

Hatua ya 2: Soma namba mbili kwa pamoja

EtCO2 ni kabonidayoksaidi ya mwisho wa pumzi inayotoka, unaiona kwenye skrini ya kapnografu. PaCO2 ni ile iliyomo kwenye damu ya ateri, unaipata kwa kuchoma ateri na kupima. Kwenye mapafu mazima PaCO2 huizidi EtCO2 kidogo tu, kama mmHg 2 hadi 5.

Kwa nini bonge linazitenganisha? Fikiria chai ya rangi. Vikombe viwili vya chai nzito ukivimimina kwenye sufuria moja na vikombe vitatu vya maji matupu, utakachoonja ni chai hafifu, ingawa ile ya mwanzo haikupungua ukali. Vifuko vinavyopata damu vinatoa chai, vile visivyopata vinatoa maji. Skrini inaonja sufuria, ateri inaonja chai yenyewe. Ndiyo maana anayetazama skrini peke yake hudhani kabonidayoksaidi imepungua mwilini, kumbe inajikusanya.

Hatua ya 3: Piga hesabu

```
(PaCO2 - EtCO2) / PaCO2
```

Jibu linakupa, kwa makadirio, sehemu ya hewa iliyofika kwenye vifuko lakini haikukutana na damu.

Twende kwa mgonjwa. Mama wa miaka 46 alikuwa anatolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe mkubwa uliojaza nyonga. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kwa wiki nzima, nasi tukauchukulia kuwa ni uvimbe wa tumbo unaobana mishipa. Tulikuwa sahihi nusu: ulibana, na damu ikaganda nyuma yake. Mwanzoni PaCO2 ilikuwa 40 na EtCO2 36. Tofauti 4, gawa kwa 40, ni asilimia 10.

Daktari alipouinua uvimbe kutoka nyongani, EtCO2 ilishuka hadi 20 katika pumzi chache. Presha ikatoka 125/80 ikawa 82/50, SpO2 ikateremka kutoka 98 hadi 91. Mashine haikubadilika: bado mililita 500, bado mara 12. Baada ya dakika kama kumi, kipimo cha ateri kilileta PaCO2 50.

50 toa 20 ni 30. Gawa kwa 50, ni 0.6. Yaani katika zile mililita 350, mililita 210 zilikuwa zinakwenda na kurudi bure. Zilizofanya kazi ni 140 tu, mara 12, chini kidogo ya lita 1.7 badala ya 4.2. Ili zirudi lita 4.2 kwa pumzi za ukubwa uleule, angehitaji kupumua mara 30 kwa dakika. Hapo ndipo utaelewa mgonjwa wa wodini mwenye bonge, aliye macho, kwa nini anahema hivyo. Mara nyingi huhema hata kupita mahitaji, hivyo PaCO2 yake inakuwa ya kawaida au ya chini. Usiridhike nayo. Tazama anaigharimia kwa pumzi ngapi.

Hatua ya 4: Kataa sababu nyingine

Mpira ukichomoka, mstari wa kapnografu unalala sifuri. Hapa haukulala: umbo lilibaki lilelile, limekuwa fupi tu. Njia za hewa zikibana, mstari hupanda kwa mshazari na shinikizo la mashine huongezeka. Halikuongezeka.

Inayosumbua kweli ni damu kupotea. Moyo ukisukuma damu kidogo, vifuko vingi hukosa damu bila bonge lolote, na hesabu inatoa jibu lilelile. Kwa hiyo 0.6 haikuambii *ni bonge*. Inakuambia *damu haifiki kwenye hewa*. Nikauliza, "Dokta, damu imetoka kiasi gani?" Chupa ya kufyonzea ilikuwa na mililita 250, na mishipa ya shingo ya mama ilikuwa imesimama. Aliyepungukiwa damu shingo yake haisimami hivyo. Ultrasaundi ya moyo ikaonyesha chumba cha kulia kimetanuka. Siti skani ya mishipa ya mapafu ilikuja baadaye, ikathibitisha.

Hatua ya 5: Ieleze oksijeni iliyoshuka

Swali hili huwakwamisha wengi: kama tatizo ni hewa isiyo na damu, oksijeni inashukaje? Nafasi mfu peke yake haiishushi sana. Lakini damu iliyozuiwa lazima ipite mahali, na inasukumwa yote kwenye vifuko vilivyobaki. Vinapokea damu nyingi kuliko hewa yake, kwa hiyo sehemu ya damu inatoka haijashiba. Isitoshe, moyo ukisukuma damu kidogo, damu inarudi kutoka mwilini ikiwa imenyonywa oksijeni zaidi.

Hatua ya 6: Rekebisha kwa tahadhari

Niliweka oksijeni asilimia 100, nikaanzisha noradrenalini kuinua presha, nikapandisha pumzi hadi 18. Sikufukuzia 30, kwa sababu shinikizo kubwa kifuani linaulemea moyo wa kulia ambao tayari unasukumana na kizuizi. Wala sikumwaga maji mengi ya dripu, kwa sababu hiyohiyo. Dawa ya kuyeyusha bonge haikuwezekana na kidonda kibichi nyongani. Heparini ilianza saa kadhaa baadaye, daktari aliporidhika kwamba damu imekauka.

Kesho yake asubuhi, bado yupo kwenye mashine, tulipima tena: PaCO2 41, EtCO2 30. Asilimia 27. Bonge halikuwa limekwisha, ila damu ilikuwa imeanza kupata njia.