Kadi za mifano ya kukokotoa dozi: amoksilini ya maji kwa mtoto

Mdogo wangu anayesomea uuguzi aliniletea kurasa tisa alizoandika katika mhadhara wa famakolojia, na jioni nzima tuliimaliza kwenye hesabu moja ya amoksilini. Utaratibu ufuatao ndio tulioutumia kuigeuza hesabu hiyo kuwa kadi.

Hatua ya 1: Chagua hesabu

Pitia maelezo yako na uchukue tu hesabu ambazo mhadhiri alizifanya mpaka jibu likapatikana. Kadi moja ibebe hesabu moja. Mimi hutumia manila iliyokatwa kwa ukubwa wa kiganja na kalamu ya wino, kwa sababu mkono unaoandika kipimo hukikumbuka kuliko jicho linalokipitia kwenye simu.

Hatua ya 2: Andika swali pamoja na vipimo vyote

Hapa ndipo jioni yetu ilipopotelea. Katika daftari palikuwa na maneno haya: "Amoksilini, dozi 80 mg/kg, mtoto kg 10, mara 2." Mhadhiri alikuwa na maana ya miligramu 80 kwa kila kilo kwa siku nzima, zigawanywe mara mbili, ambacho ndicho kiwango kilichomo katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu nimonia ya watoto. Neno "dozi", hata hivyo, halikutusaidia. Darasani lina maana ya kiasi kinachotolewa kwa mara moja, ilhali nyumbani mtu akiambiwa amalize dozi huelewa dawa zote za siku zote alizoandikiwa. Mdogo wangu alilisoma kwa maana ya darasani, akapata miligramu 800 kila mara, yaani maradufu ya kiasi kinachotakiwa, na kila alipokagua kuzidisha kwake alikuta hakuna kosa, kwa kuwa kosa halikuwa katika kuzidisha.

Kwa sababu hiyo nimelifuta neno hilo kwenye kadi zangu. Huandika "kwa siku" au "kila mara", na nambari isiyo na mojawapo ya maneno hayo haiingii kwenye kadi mpaka nimemuuliza mhadhiri au nimefungua mwongozo wa matibabu. Nguvu ya dawa nayo huandikwa yote kama ilivyo kwenye chupa, 250 mg/5 ml, kwani "amoksilini 250" peke yake haikuambii miligramu hizo zimo katika maji kiasi gani. Andika 0.5 wala si .5, na andika 5 wala si 5.0, kwa maana nukta isipoonekana vizuri kiasi huongezeka mara kumi.

Swali letu likawa hivi: mtoto ana kg 10, amoksilini 80 mg/kg kwa siku, igawanywe mara 2, chupa ni 250 mg/5 ml, apewe ml ngapi kila mara?

Hatua ya 3: Kokotoa nyuma ya kadi

```
10 kg × 80 mg/kg kwa siku = 800 mg kwa siku
800 mg kwa siku ÷ mara 2 kwa siku = 400 mg kila mara
400 mg × 5 ml ÷ 250 mg = 8 ml kila mara
```

Usiuruke mstari wowote, hata kama unauona rahisi. Katika mstari wa mwisho, mg hufutana na mg na kubaki ml. Kikibaki kitu kingine, umegeuza sehemu juu chini.

Hatua ya 4: Andika onyo kwa nambari

Onyo la "kuwa makini na vipimo" halimzuii mtu yeyote. Fanya kosa kwa makusudi, kisha andika jibu litakalotokea:

Ukipata ml 16, umetoa kiasi cha siku nzima kwa mara moja.
Ukipata ml 4, umegawa kwa 2 mara mbili.
Ukipata ml 1.6, umesahau kwamba miligramu 250 zimo katika ml 5, si katika ml 1.

Kisha tengeneza kadi ya pili ya mtoto yuleyule, ila chupa iwe 125 mg/5 ml. Safari hii ml 16 ndilo jibu sahihi, na ml 8, lililokuwa sahihi kwenye kadi ya kwanza, linampa mtoto nusu tu ya dawa. Kadi hizi mbili zikae pamoja, la sivyo utakariri nambari badala ya kusoma chupa.

Hatua ya 5: Rudi nyuma

Anza na jibu: ml 8 za dawa yenye mg 50 katika kila ml ni mg 400, mara 2 ni mg 800, gawa kwa kg 10, unarudi kwenye 80. Usiporudi hapo, chana kadi hiyo badala ya kuisahihisha, maana nambari iliyokatwa mstari husomwa vibaya usiku wa kuamkia mtihani.