Uwanja wa kuku wenye paa la wavu: upana wa roli ndio uamue vipimo

Nilipofika Ruai, Nairobi, asubuhi ile, vigingi vinne vilikuwa vimeshachomekwa na kamba imezungushwa: mita 6 kwa mita 4. Mwewe walikuwa wamechukua vifaranga watatu wa mama mmoja mfugaji ndani ya wiki moja, naye akaamua kuku wawe na uwanja wao uliofunikwa wavu hadi juu. Fundi alikuwa ameshamaliza hesabu. "Mama, nunua roli tatu," akasema.

Hesabu ya fundi ilikuwa sahihi. Shida ilikuwa kwenye kamba, kwa sababu vigingi vilichomekwa kabla ya mtu kuuliza wavu wa dukani una upana gani.

Wavu wa kuku huuzwa wa futi 3, futi 4 na futi 6. Wa futi 4 una upana wa karibu mita 1.2, na roli aliyopata mama ilikuwa ya mita 30. Pima urefu wake kabla ya kulipa, maana si kila roli inafika 30.

Tuanze na ukuta. Mtu mzima aingie bila kuinama, kwa hiyo kimo ni mita 2. Pande mbili za wavu, yaani vipande viwili virefu vya upana wa roli, zikilazwa moja juu ya nyingine na kupandana kwa sentimita 10 zinatoa mita 2.3. Mita 2 zinabaki juu ya ardhi, na sentimita 30 zinafukiwa ili nguchiro asichimbe akaingia. Wavu wa futi 4 umekaa vizuri hapo. Ungenunua wa futi 3, pande mbili zingekupa mita 1.7 tu, ungelazimika kuzungusha upande wa tatu ambao sehemu yake kubwa ingekatwa na kutupwa.

Sasa paa, na hapa ndipo pesa hupotea. Pande za paa tunazilaza kwa urefu wa uwanja. Kila mbili zinapandana kwa sentimita 10, na kingo za nje zinashuka sentimita 10 kila upande ili zipigiliwe kwenye mbao. Ukipanga hivyo, pande 3 zinafunika upana wa mita 3.2, na pande 4 zinafunika mita 4.3. Uwanja wa mita 4 hauenei kwenye pande 3, kwa hiyo unalipia pande 4 na wavu unaobaki pembeni haukupi nafasi yoyote. Kwa roli ya upana wowote, fanya hivi: upana wa wavu toa 0.1, zidisha kwa idadi ya pande, kisha toa 0.1 tena. Jibu ndilo upana unaofaa wa uwanja wako.

Tulihesabu vipimo vyote viwili, 6 kwa 4 na 6 kwa 3.2, mbele ya mama. Kwa 6 kwa 4, ukuta unakula mita 40 na paa mita 25 na kidogo. Jumla inapita 65, na roli mbili ni 60. Kwa hiyo mama angenunua roli nzima ya tatu kwa ajili ya upungufu wa mita tano na ushee. Kwa 6 kwa 3.2, mzunguko ni mita 18.4, ukuta ni 36.8 na paa ni pande 3 za mita 6.3 kila moja, pamoja na za kupigilia mwishoni, yaani 18.9. Jumla ni mita 55.7, roli mbili zinatosha. Mama alinyamaza kidogo, akauliza kama kuku hawatabanwa. Kuku wake walikuwa wachache, akakubali. Kama wangekuwa wengi, ningemwambia anunue tatu lakini apanue hadi 4.3, asiishie 4.

Jumla kutosha hakumaanishi kwamba vipande vitatoka. Mimi mwenyewe niliwahi kuumia hapo. Nilikata mzunguko mmoja wa ukuta kutoka kila roli, kisha upande mmoja wa paa kutoka kila roli. Nikabaki na vipande viwili vya mita 5 hivi, na upande wa tatu wa paa unahitaji 6.3. Kwenye karatasi nilikuwa nimebakiwa na mita kumi, ila hakuna kipande kilichofika. Kwa hiyo kata paa kwanza. Roli ya kwanza itoe pande zote 3 za paa, ibaki mita 11.1. Roli ya pili itoe mzunguko wa chini wa ukuta, mita 18.6 pamoja na mwingiliano wa kufungia, ibaki 11.4. Mzunguko wa juu ufanye kwa masalio hayo mawili, mita 9.4 kila moja, yakutane kwenye nguzo za kona mbili zinazokabiliana. Kipande cha mita 2 kitakachobaki kinafunika mlango bila kiungo.

Kwa nguzo, fundi wengi huhesabu kila upande peke yake. Upande wa mita 6 wenye nafasi za mita 2 una nguzo 4, na upande wa mita 3.2 una 3, ukiweka moja katikati. Ukijumlisha pande nne unapata 14, lakini kila kona umeihesabu mara mbili. Nguzo halisi ni 10. Ongeza moja ya mlango, sentimita 80 kutoka kona, na mbili za ndani, katikati ya uwanja, kubeba mbao za kuvuka ili paa lisilegee. Jumla 13. Kila moja iwe ya futi 9, iliyotiwa dawa, ili baada ya kubakisha mita 2 juu, zaidi ya sentimita 70 ziingie ardhini.

Kina hicho kina sababu. Ruai na sehemu kubwa ya Embakasi zina udongo mweusi unaovimba mvua inaponyesha na kupasuka jua linapowaka. Nguzo iliyochimbiwa futi moja na nusu husimama wima mpaka mvua za Machi hadi Mei, kisha huinama, wavu ukalegea, na viungo vya paa vikafunguka. Shindilia kokoto na zege kuzunguka nguzo za kona, na uziegemeze kwa mbao za mshazari, kwa sababu hizo ndizo zinazovutwa na wavu kutoka pande mbili. Zege likae siku kadhaa kabla ya kuvuta wavu.

Mbao za inchi 3 kwa 2 zipite juu ya nguzo zote, na mahali mbao mbili zinapoungana pawe juu ya nguzo, si hewani. Chagua wavu wenye tundu la nusu inchi, panya mkubwa hapiti hapo. Wavu mwembamba uliofukiwa huliwa na kutu, kwa hiyo sehemu ya chini uikague kila mwaka.

Viungo vya paa vishonwe kwa waya wa kufungia, kila baada ya kiganja kimoja. Kisha simama ndani, sukuma kiungo juu kwa ncha za vidole. Vidole vikipenya katikati ya pande mbili, ongeza waya hapo. Tulipojaribu kwa mama, kiungo kimoja karibu na mlango kilifunguka kama mfuko, na fundi akakishona upya kabla kuku hawajaachiliwa.