Kusoma alama za UV kwenye miwani ya jua, na kuzihakiki kwa tochi

Juzi mteja aliniwekea mezani jozi tatu za miwani: ya jua yenye lenzi nyeusi tii, ya jua yenye rangi ya kahawia hafifu, na ile yake ya kusomea, isiyo na rangi kabisa. Akaniuliza ipi inamkinga zaidi na miale ya UV. Yeye aliitegemea ile nyeusi.

Kwanza, soma upande wa ndani wa mikono ya fremu. Unachotafuta ni UV400, maana yake lenzi inazuia miale hadi urefu wa wimbi wa nanomita 400, pale UV inapoishia. UV380 inaacha wazi kipande cha mwisho. Ile ya kahawia iliandikwa "UV400 Cat. 1". Nyeusi ilikuwa na kibandiko tu, "UV PROTECTION", bila namba. Kibandiko cha namna hiyo mimi nakichukulia kama hakipo.

Usichanganye UV400 na Cat. Cat. ni kundi la weusi wa lenzi; namba yake, kuanzia 0 hadi 4, inapima mwanga tunaouona. Cat. 3 hupitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga huo, Cat. 4 ni nyeusi mno, haifai kuendeshea gari. POLARIZED nayo inahusu mng'ao unaorudi kutoka majini au barabarani.

Pili, uliza lenzi ni ya nini. Polikaboneti huzuia karibu UV yote yenyewe, hivyo kinga haichubuki lenzi ikikwaruzika. Plastiki ya kawaida ya CR-39 huhitaji kuongezewa kinga, na akriliki ya bei rahisi isiyo na kinga hupitisha UV nyingi. Mpako wa kuzuia mng'ao unasafisha mwonekano; usiuhesabu kuwa kichujio cha UV.

Tatu, pima. Chukua tochi ya UV ya nanomita 365 na noti yenye alama zinazong'aa zikimulikwa kwa UV. Ya 395 inatoa zambarau nyingi inayoonekana, itakudanganya. Zima taa, mulika noti, kisha weka lenzi katikati ya tochi na noti. Itazame noti kutoka pembeni, si kupitia lenzi, maana weusi wa lenzi utaificha nuru yake. Usimulike macho.

Kwa lenzi nyeusi, alama ziliendelea kung'aa. Kwa kahawia zilizimika. Kwa ile ya kusomea, ambayo ni polikaboneti, zilizimika vilevile, na mteja akaniomba nirudie.

Nyeusi ndiyo mbaya kuliko zote: gizani mboni hutanuka, na UV inayopita hupata mlango mpana zaidi. Ila tochi inajibu kuhusu 365 tu. Kutofautisha UV380 na UV400 kunahitaji mashine ya kupimia lenzi, ambayo fundi wa miwani anaweza kuwa nayo.