SOMO: Kupanga kozi fupi ya mtandaoni kwa wanaoanza (mfano: kushona foronya)

Kila wiki inboksi naulizwa, "Dada, nataka kufundisha ujuzi wangu kwenye grupu la WhatsApp, nianzie wapi?" Naandika mara moja, nikiulizwa tena natuma kiungo.

1. Chagua kitu kimoja atakachokishika mkononi kozi ikiisha. Usiseme "ushonaji". Sema foronya ya mto wa kochi wa sentimita 45 kwa 45, isiyo na zipu, nyuma ina vipande viwili vinavyopishana.

2. Kitengeneze mwenyewe polepole, andika kila unachofanya. Foronya hiyo inataka kipande cha mbele 48 kwa 48 na viwili vya nyuma 48 kwa 33. Ukishona sentimita moja na nusu kutoka ukingoni na kupinda pindo la 3, vya nyuma vinapishana kama 12.

3. Futa kisichohitajika. Zipu nje, tundu za vifungo nje, historia ya cherehani nje kabisa.

4. Andika atakachoweza kufanya mwisho wa kila somo. Hapa ndipo kozi nyingi zinapokufa, kwa hiyo soma taratibu. "Mwanafunzi ataelewa kukaza uzi" ni sentensi tupu, maana huwezi kuona mtu akielewa. Iandike hivi: "Atashona mstari wa sentimita 20 kwenye pamba ya tabaka mbili, na vifundo vya uzi havitaonekana juu wala chini." Sasa unajua cha kurekodi, na unajua zoezi: apige picha pande zote mbili za kitambaa. Picha ya juu peke yake haitoshi, upande wa chini ndio unaosema ukweli.

Angalieni mawili. Kwanza, ukiona "na" inaunganisha vitendo viwili, hayo ni masomo mawili. "Atatunga uzi na kushona kona" inamkwamisha mtu bila wewe kujua amekwama wapi. Pili, andika zoezi kabla ya kurekodi video. Ukirekodi kwanza utajikuta unaelezea unachopenda kuelezea.

5. Panga masomo, kila moja litumie la nyuma yake. Yangu yako hivi:

Somo 1: ataendesha cherehani ya kukanyaga bila uzi, juu ya karatasi ya daftari, matundu yafuate mstari na gurudumu lisirudi nyuma.
Somo 2: atatunga uzi wa juu na wa bobini mwenyewe bila kutazama video.
Somo 3: mstari wa sentimita 20, kama nilivyosema.
Somo 4: atageuza kona sindano ikiwa imezama kwenye kitambaa, kona isiache tundu.
Somo 5: atapinda pindo la sentimita 3 lenye upana uleule mwanzo hadi mwisho.
Somo 6: ataunganisha foronya, mto uingie bila kulazimishwa.

6. Video fupi, dakika nne au tano. Watu wana bando la kubana.

MASWALI

Mdau wa Mbagala: Naomba faili la kozi nzima.
Jibu: Hakuna faili. Soma hatua ya 1 hadi ya 6.

Kaka Tabata: Masomo sita mbona machache? Wengine wanauza kozi za masomo thelathini.
Jibu: Foronya imeomba sita. Ukifundisha shati zitaongezeka. Sijaribu kujaza idadi, kaka.

Mama Salon Sinza: Mwalimu, mimi nasuka. Mtindo wa twende kilioni naupimaje? Na je, nianze na kusuka au kugawa nywele?
Jibu: Swali zuri, dada yangu. Anza na kugawa, kwa sababu mstari uliopinda hauokolewi na mkono mzuri. Somo la kwanza: atagawa mistari minne kwa kichanio, picha ya kutoka juu ionyeshe ngozi imenyooka kuanzia paji hadi utosini. Somo la pili: msuko mmoja tu, usio na uvimbe pale anapoongeza nywele. Na weka kipimo cha maumivu: anayesukwa aweze kukunja uso bila ngozi kuvutika. Wengi wanasahau hicho.

Mama Salon Sinza: Asante sana, hicho cha kukunja uso naanza nacho leo.

Mgeni Kigamboni: Samahani, nje ya mada. Somo la 3 limenishinda, uzi unajikusanya chini kama kiota. Nimeshabadili bobini.
Jibu: Hiyo bobini umeionea bure. Uzi ukijikusanya chini, mara nyingi kosa liko juu. Utoe wote, inua mguu unaobana kitambaa, ndipo utunge upya. Mguu ukiwa chini, visahani vya kukazia vimebana, uzi unapita pembeni badala ya katikati yake. Ukianza kushona, shika ncha zote mbili za uzi kwa mishono michache ya kwanza.

Mgeni Kigamboni: Imekaa! Picha ya chini natuma jioni umeme ukirudi.